"Bei ya Kimoja" si "Bei ya Kizio"

Imetufikia tafsiri ya Kiswahili ya fomu wanayojaza watu wa kunakili bei kutoka katika picha za lebo za rafuni. Fomu ina safu tatu tu: bidhaa, bei ya kimoja, na bei kwa uzito. Sarufi yake haina kasoro. Hata hivyo safu ya pili yapotosha, na kosa lake laweza kuharibu hesabu zote zinazofuata.

Chanzo cha mkanganyiko ni neno "uniti" katika Kiingereza, ambalo hubeba dhana mbili. Kwa karani wa ghala uniti ni kitu kimoja kinachohesabika: kopo, mfuko au chupa. Kwa sheria ya bei ni kipimo: kilo, lita au mita. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 98/6 la mwaka 1998 hutenganisha bayana bei ya kuuzia, ambayo mnunuzi huilipa kwa kifurushi kizima, na bei ya kipimo kimoja. Zote mbili zikiwa zimekwisha kuingizwa kodi. Anayefasiri bei hii ya pili kuwa "bei ya kimoja" ameirudisha kwenye kopo, mahali ambapo sheria iliiondoa. Wala kuliacha "uniti" lilivyo hakusaidii, kwani kwa msomaji wetu uniti ni za umeme. Twapendekeza "bei ya kuuzia" na "bei ya kizio", kwa kuwa kizio ni neno ambalo walimu wa hesabu na sayansi wamekwisha kulizoea.

Tutazame mfano. Tuseme lebo imepigwa picha katika duka la kujihudumia huko Ayalandi, nchi iliyo chini ya Agizo hilo. Jina ni maharage mekundu ya kopo, gramu 400. Tarakimu kubwa zasema senti 60. Pembeni, kwa herufi ndogo mno, pameandikwa yuro 2.50 kwa kilo. Hapa msomaji wa picha ana kipimo chepesi cha kujisahihisha: bei ya kizio ikizidishwa kwa uzito, sharti ilingane na bei ya kuuzia. Kipimo hiki hufichua makosa mengi, kwa sababu mng'ao wa plastiki inayofunika lebo hufuta nukta ya desimali, na ukungu wa picha huigeuza 6 kuwa 8. Hufichua pia lebo ya jirani iliyochukuliwa kimakosa, iwapo uzito umesomwa kwenye kopo lenyewe.

Basi tuzidishe: yuro 2.50 mara kilo 0.4 ni yuro 1, wala si senti 60. Karani mwenye haraka atasema kwamba 2 ni 1 iliyosomwa vibaya, naye ataandika 1.50, maana senti 60 kwa gramu 400 ni yuro 1.50 kwa kilo kamili. Hesabu yake ni sahihi, lakini amelisahihisha lisilo kosa. Maharage haya yamo ndani ya maji. Ubavuni mwa kopo mmetajwa uzito wa pili, gramu 240, yaani maharage yakisha kuchujwa; na Agizo huruhusu bei ya kizio ikokotolewe kwa uzito huo peke yake. Yuro 2.50 mara kilo 0.24 ni senti 60 barabara. Lebo ilikuwa sawa tangu mwanzo.

Ndipo tuonapo upungufu wa safu ya tatu. "Bei kwa uzito": uzito upi? Fomu haina mahali pa kuandika uzito wenyewe, na bila huo haiwezekani kukagua lolote baadaye. Tungependa safu hiyo iitwe "bei ya kizio", na kando yake pawe na nafasi mbili: moja ya kizio kilichotumika, kwa kuwa mahali pengine lebo huandika bei ya gramu 100 badala ya kilo, na nyingine ya uzito, pamoja na alama ya kuonyesha kama ni uzito kamili au uzito uliochujwa. Neno "uzito mkavu", ambalo wengine wamelipendekeza, halifai: maharage ya kopo si makavu hata yakichujwa, na maharage makavu ni bidhaa nyingine kabisa, yenye rafu yake.

Limebaki jambo moja dogo. Mboga na matunda yanayopimwa mbele ya mnunuzi hayana bei ya kuuzia mpaka yapimwe, kwa hiyo lebo yake hutaja bei ya kizio peke yake. Maelezo ya fomu yamwagiza karani asiache safu yoyote tupu. Kwa viazi vya kupimwa, safu ya pili na iachwe tupu.