Kasoro na Fikira: Namna ya Kuzipambanua Katika Kliniki ya Ngozi

Katika Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha Kanda, kilichoanzishwa mjini Moshi mwaka 1992 ubavuni mwa hospitali ya KCMC, huhudumiwa watu wenye ualbino ambao jua limewadhuru, na hao wakisikitikia nyuso zao husikitikia jambo lionwalo na kila mtu. Huzuni yao, hata iwe nzito, siyo maradhi ya dismofia aliyoyaeleza tabibu Mwitalia Enrico Morselli mwaka 1891, kwani sharti la maradhi hayo ni kasoro ambayo wengine hawaioni, au huiona kuwa ndogo mno.

Tumfikirie basi binti wa miaka 22, mwenyeji wa Marangu, ajaye kwa sababu ya alama mbili tatu za chunusi shavuni. Tabibu mwenye hadhari humtazama kwanza katika nuru ya dirisha, kwa umbali wa watu wanaozungumza, akaandika ukubwa wa kasoro kama aionavyo mwenyewe kabla maelezo ya mgonjwa hayajaielekeza hukumu yake. Baadaye humwuliza kwa upole: fikira za alama hizi hukushughulisha kwa muda gani kutwa? Zikifika saa moja au kupita, shaka huingia, lakini saa peke yake hazikati shauri. Lazima ajue pia kama binti hujitazama kiooni mara kwa mara, huwauliza ndugu zake jambo lile lile bila kutosheka, au ameacha kwenda sokoni na kanisani. Mwenye wasiwasi wa kawaida hutaka dawa, akaendelea na shughuli zake.

Hapa ndipo wengi hukosea. Huenda binti huyu akawa pia na makovu yaonekanayo dhahiri, na tabibu mwenye haraka husema kasoro ni ya kweli, ilhali makovu hayo yametokana na kucha zake mwenyewe. Kwa hiyo yampasa kuuliza ngozi ilikuwaje kabla hajaanza kuitoboa. Ama krimu za kujichubua, kuzitumia si dalili ya kutosha, maana wengi huzitumia kwa kufuata rai ya jamii juu ya weupe. Lakini zenye steroidi huzaa chunusi mpya, na uchunguzi ukachanganyika.

Kumwambia kwamba hana kitu hakumfai, kwa kuwa faraja hiyo huyeyuka kabla hajafika nyumbani, akaitafuta kwingine. Afadhali tabibu akiri mateso yake, amwulize waziwazi kama amewahi kutamani kufa, kwa sababu hatari hiyo ni kubwa katika maradhi haya, kisha aahirishe kuchubua ngozi kwa asidi au kuichoma kwa leza, ambako aghalabu hakuiondoi dhiki bali huihamishia puani au nyweleni. Krimu ya steroidi iliyotumika muda mrefu isimamishwe chini ya uangalizi wake, kwani ngozi huweza kuwasha na kuwa nyekundu kwa majuma kadhaa. Naye binti apelekwe kwa tabibu wa akili, ambaye huweza kumpa fluoksetini, mara nyingi kwa kipimo kipitacho kile cha sonona, pamoja na mazungumzo ya tiba yanayomzoeza kupunguza kioo hatua kwa hatua.