Maombi 9,999 Yaliyopotea

Mkutano wa wahandisi umekwisha, na mzungumzaji ameandika muhtasari wa mada yake. Mfumo wake mpya wa malipo, anasema, unajibu kwa wastani wa milisekunde 11, na asilimia 99 ya maombi yanajibiwa ndani ya milisekunde 1. Pongezi zinamiminika. Wenye maswali wanauliza alitumia lugha gani ya programu, seva zilikuwa ngapi, na kama kampuni changa nayo inaweza. Hayo yote angeweza kuyauliza hata mtu aliyebaki hotelini amelala. Kisha mmoja anauliza hivi:

"Mhandisi, ahsante kwa mada. Ukumbini ulisema jaribio lilituma maombi 100 kila sekunde, kwa sekunde 200. Hapo nilitarajia maombi 20,000. Kwenye jedwali la matokeo nilinakili 10,001. Yale 9,999 yalitumwa yakashindwa, au hayakutumwa kabisa?"

Mzungumzaji huyu ni wa kubuni, lakini hesabu yake si yangu. Nimeiazima kwa Gil Tene, mmoja wa waanzilishi wa Azul Systems, ambaye kwa miaka mingi ametumia mfano wa namna hii kuwaonyesha wahandisi jinsi vipimo vyao vya kasi vinavyowadanganya. Kinachonivutia hapa ni ujenzi wa swali lenyewe.

Anza na alichokisikia muulizaji. Muhtasari una namba mbili tu, wastani na asilimia 99. Kasi ya kutuma, muda wa jaribio na idadi ya majibu havimo. Vilitajwa ukumbini, kila kimoja kwenye slaidi yake, dakika kadhaa mbali na kingine. Mzungumzaji hakuwahi kuvikutanisha. Muulizaji aliandika vyote vitatu, akazidisha viwili, akatoa cha tatu. Hesabu ya darasa la nne, ila haifanyiki bila daftari.

Hata asiye na daftari angeweza kushtuka kwa kuusoma muhtasari taratibu. Ikiwa maombi 99 katika kila 100 yalimalizika ndani ya milisekunde 1, wastani unafikaje 11? Lazima ndani ya ile asilimia moja iliyobaki kuna kitu kikubwa mno kinachouvuta juu. Wastani unapoupita muda ambao karibu kila mtu alihudumiwa, kuna mahali mfumo ulikwama.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kwa sekunde 100 za kwanza mfumo ulijibu kila ombi kwa milisekunde 1, na maombi 10,000 yakapita. Kisha ukaganda kwa sekunde 100 nzima, labda kwa sababu programu ilisimama kusafisha kumbukumbu, labda hifadhidata ilifungwa na kazi nyingine. Kifaa cha kupimia kilikuwa kimetuma ombi moja, kikakaa kulisubiri. Kwa kuwa kiliundwa kisitume ombi jipya kabla ya kupata jibu la lililotangulia, kilinyamaza mpaka mfumo ulipozinduka, kisha kikaandika ombi moja lililochukua sekunde 100. Jumla, 10,001. Jumlisha muda wote, sekunde 110, ugawe kwa idadi hiyo: unapata karibu milisekunde 11. Kwenye muhtasari, mzungumzaji hakusema uongo hata mahali pamoja.

Kifaa hicho ni kama kondakta anayehesabu abiria waliopanda daladala bila kuwahesabu walioachwa kituoni. Wateja wa kweli hawangengoja kwanza mwenzao ajibiwe ndipo wabonyeze simu zao. Wangeendelea kuja, 100 kila sekunde, wakijazana nyuma ya mfumo ulioganda. Aliyefika mwanzoni mwa mgando angesubiri karibu sekunde 100, aliyefika katikati sekunde 50, aliyefika mwishoni karibu asisubiri kabisa. Wastani wa kundi hilo ni sekunde 50. Ukiwachanganya na wale 10,000 waliohudumiwa vizuri, wastani wa wote unakuwa sekunde 25. Ile asilimia 99 iliyosemwa kuhudumiwa ndani ya milisekunde 1 inageuka kuwa ndani ya sekunde 98. Muhtasari na hali halisi vinapishana mara elfu nyingi, na chanzo ni maombi ambayo hayakutumwa.

Sasa rudi kwenye kifungu cha mwisho cha swali: yalitumwa yakashindwa, au hayakutumwa kabisa? Hapa ndipo ufundi ulipo, kwa maoni yangu. Muulizaji angeweza kuandika "vipimo vyako si sahihi", na hapo angepata ubishi tu. Badala yake ameweka njia mbili, na kila moja ina maana yake. Mzungumzaji akijibu kwamba yalitumwa yakashindwa, basi ametoa wastani wa waliofanikiwa peke yao, na tunahitaji kujua walioshindwa walisubiri muda gani kabla ya kukatwa. Akijibu kwamba hayakutumwa, kifaa kilinyamaza pamoja na mfumo, na jaribio linapaswa kurudiwa. Anaweza pia kusema, "Hapana, jaribio lilikuwa la sekunde 100, umenisikia vibaya." Sawa, swali limekufa na hakuna aliyeaibika, kwa sababu muulizaji alizitaja namba alizozisikia na kumpa mwenzake nafasi ya kumsahihisha. Majibu yote matatu yamo kwenye kumbukumbu za jaribio. Mzungumzaji hahitaji kukisia wala kujitetea.

Swali hili lina mpaka wake. Kuna mifumo ambayo mtumaji kweli husubiri: programu ya usiku inayosoma faili moja, ikimaliza inachukua la pili, haina foleni nyuma yake. Kwa hiyo kifaa kinachosubiri kinaiga hali halisi, na maombi "yaliyopotea" hayakupotea. Mtu anaweza kuleta mfano wa makarani wa benki kama mfumo wa aina hiyo, kwa kuwa karani hawezi kuanza muamala mwingine kabla ya wa kwanza kwisha. Mimi sikubali. Karani anasubiri, ndiyo, lakini wateja wanaendelea kuingia mlangoni, na muda wao wa kusimama haumo kwenye kipimo chochote cha seva.

Mzungumzaji muungwana akishajua tatizo, dawa iko karibu. Tene mwenyewe alitengeneza wrk2, iliyotokana na kifaa kinachojulikana sana cha wrk. Inashikilia kasi uliyoipanga, na muda wa kila ombi inauhesabu kuanzia pale lilipopaswa kutumwa, hata kama lilichelewa kuondoka. Jaribio letu lingeandikwa hivi:

```
wrk -t1 -c1 -d200s -R100 --latency http://127.0.0.1:8080/
```

Muhimu hapo ni `-R100`, maombi 100 kwa sekunde. Programu yenyewe huitwa kwa jina `wrk` ingawa mradi ni wrk2. Kasi hiyo ikikosekana kwenye amri ya kifaa chochote, uliza kifaa kilifanya nini mfumo uliponyamaza.

Muulizaji wetu, kwa bahati nzuri, hakuongeza swali la pili. Alikuwa nalo, maana jedwali lilikuwa na safu ya muda mrefu zaidi iliyosomeka sekunde 100 na ambayo muhtasari uliiacha. Angeiuliza papo hapo, mzungumzaji angejibu lile rahisi zaidi: "ah, hilo lilikuwa ombi moja tu." Likija baada ya jibu la kwanza, kwamba hayakutumwa, hilo "moja tu" halisemeki tena, na linalobaki kujadiliwa ni nini kiliufanya mfumo wa malipo ugande kwa sekunde 100.