Mazoezi 12 kwenye ukanda wa futi 4

Programu nyingi za simu zenye "mazoezi ya dakika saba" zimetokana na makala moja ya mwaka 2013. Brett Klika na Chris Jordan waliiandika katika jarida la chama cha tiba ya michezo cha Marekani. Mazoezi ni 12, kila moja la sekunde 30, na baina yake unapumzika sekunde 10. Ukijumlisha unapata sekunde 470, karibu dakika nane. Vifaa ni kiti na ukuta tu.

Kinachoyafanya yafae ni mpangilio. Yagawe manne manne: la kwanza linapandisha mapigo ya moyo, la pili ni la miguu, la tatu la mikono na kifua, la nne la tumbo. Pushapu zinapoanza, miguu inapumzika, ndiyo maana sekunde 10 zinatosha. Kwa hiyo chumba kikikubana, weka zoezi jingine la aina ileile mahali palepale. Ukivuruga zamu, mapaja yatagoma ukiwa bado hujaanza hata kuhema.

Sasa tuchukue mwalimu aliyepanga chumba cha futi 10 kwa 10 Newala, au Masasi. Kitanda cha 4 kwa 6 kimeegemea ukuta mmoja. Ndoo, jiko na vyombo vimechukua futi 2 ukuta wa mkabala. Katikati unabaki ukanda wa futi 4, na mlango unaofungukia ndani unakula sehemu ya urefu wake. Mkeka unatosha. Zoezi la kuruka huku ukitanua mikono litagonga kitu, isipokuwa ukisimama ukitazama kitanda ili mikono ifuate urefu wa ukanda. Na kama ukuta haufiki kwenye bati, jirani anasikia kila mruko: usiruke, toa mguu mmoja pembeni, urudishe, kisha wa pili, haraka haraka.

Kiti cha plastiki ndicho cha kuogopa. Kwenye sakafu ya saruji yenye jasho miguu yake huteleza. Zoezi la kupanda na kushuka kitini lifanyie kwenye ngazi ya barazani. Lile la kujishusha kwa mikono lifanyie kwenye ubao imara wa kitanda.

Ukitaka pia yoga kwenye ukanda huohuo, chagua mwalimu wa video anayetaja kila hatua kwa sauti, kwani ukiinamisha kichwa huioni simu. Pakua video mara moja, uokoe bando: video inayotumia megabiti 1 kwa sekunde humaliza megabaiti 60 kwa dakika nane, kila unapoirudia mtandaoni.

Pengo moja limebaki: kati ya yale 12 hakuna hata moja la kuvuta, na misuli ya mgongo wa juu inaachwa. Tia lita 10 za maji kwenye ndoo, hizo ni kilo 10. Inama mgongo ukiwa umenyooka, mkono mmoja juu ya kitanda, uivute ndoo hadi ubavuni kwa sekunde 30, kisha ubadili mkono.