Milimita 60.08: bushi hii ipite au irudi kwenye mashine?

Gurudumu la pikipiki hubebwa na beringi mbili, na katikati yao hukaa bushi ya chuma inayozizuia zisisogeleane. Bushi ikiwa fupi kuliko nafasi iliyomo ndani ya kitovu cha gurudumu, fundi anapokaza nati ya ekseli, pete za ndani za beringi zinavutwa kuelekeana na gololi zinabanwa kwa ubavu. Gurudumu linazunguka kwa uzito, beringi inapata moto, na baada ya muda mfupi inaanza kulia. Ikizidi urefu, beringi ya pili haikai vizuri mahali pake. Katika mji kama Goma, ambako pikipiki za abiria hushinda zikipita juu ya mawe ya lava, bushi za aina hii hukerezwa upya kila mara kwa sababu ya asili imelika au imepotea.

Tuchukue bushi ambayo mchoro wake unataka urefu kati ya milimita 60.00 na 60.10. Fundi ameikereza, ameipima kwa kalipa ya kidijitali, na kioo kinaonyesha 60.08. Wengi wataipitisha hapo hapo, kwa kuwa 60.08 iko ndani ya mipaka. Lakini kioo kinaonyesha kile ambacho kalipa imehisi, na kati ya hicho na urefu halisi wa chuma kuna pengo. Bajeti ya shaka ya kipimo ni hesabu ya kulikadiria pengo hilo: unaorodhesha kila kinachoweza kulisababisha, unakipa kila kimoja ukubwa wake, kisha unavijumlisha kwa kanuni. Kanuni hizo zimo katika mwongozo wa kimataifa ujulikanao kama GUM, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1993. Kwa kazi ya karakana, ukurasa mmoja wa daftari unatosha.

Kabla ya hesabu, taya za kalipa zisafishwe. Vumbi la Goma limetokana kwa sehemu kubwa na mawe ya volkano, ni gumu, na chembe moja iliyobanwa kati ya taya inaweza kuongeza sehemu mbili za mia za milimita bila mtu kuiona. Weka karatasi safi kati ya taya, zifunge kidogo, kisha ivute polepole itoke. Funga tena, inua kalipa kuelekea dirishani: mwanga usipenye. Weka sifuri, fungua na kufunga mara kadhaa, na sifuri irudi. Isiporudi, hakuna hesabu ya kuanza. Angalia pia ukingo wa bushi. Chuma kilichotoka kukatwa huacha ncha ndogo zilizochomoza, na usipoziondoa kwa tupa utapima hizo ncha badala ya bushi.

Jambo la kwanza la kuandika ni mtawanyiko wa usomaji. Bushi ile ile ikapimwa mara kumi, kila mara taya zikifunguliwa na bushi ikizungushwa kidogo. Namba za mwisho zilikuwa 7, 8, 8, 9, 7, 8, 8, 9, 8, 8, yaani kutoka 60.07 hadi 60.09, na wastani wake 60.08. Mkengeuko sanifu wa usomaji huu ni milimita 0.0067. Tuutaje kwa mikroni, yaani elfu za milimita: 6.7. Hapa wengi huugawanya kwa kipeuo cha pili cha kumi ili upungue hadi 2.1. Hilo ni halali pale tu ambapo kila bushi itapimwa mara kumi na kutolewa wastani. Fundi mwenye kazi nyingi atapima mara moja, kwa hiyo kinachomhusu ni 6.7.

La pili ni kosa la kalipa yenyewe. Kijikaratasi kilichokuja nayo kinasema kosa halizidi ±0.03. Hakisemi liko wapi ndani ya mpaka huo, wala kama linaongeza au linapunguza. Tusipojua zaidi, tunachukulia kwamba kila nafasi ina uwezekano sawa, na kanuni inataka mpaka ugawanywe kwa kipeuo cha pili cha tatu, yaani 1.73. Mikroni 30 ukigawanya hivyo unapata 17.3.

La tatu ni sifuri. Kioo kinaonyesha hatua za 0.01, hivyo sifuri inayoonekana inaweza kuwa popote ndani ya ±0.005. Ukigawanya kwa 1.73 unapata mikroni 2.9. Hatua hiyo hiyo ya kioo iliathiri pia usomaji wa bushi, lakini sikuiandika mara ya pili kwa kuwa tayari imo ndani ya mtawanyiko wa zile namba kumi. Kama zote kumi zingetoka 60.08, mtawanyiko ungekuwa sifuri, na hapo ingelazimu kuiandika. Namba zisizobadilika kabisa zinaonyesha tu kwamba kioo hakina uwezo wa kuona tofauti zilizopo.

La nne ni mkono. Maikromita ina kiungo kinachoteleza shinikizo likifika kiasi chake, lakini kalipa haina. Isitoshe, mstari wa kipimo cha kalipa uko pembeni ya kitu kinachopimwa, na Ernst Abbe alieleza mwaka 1890 kwa nini mpangilio huo huzaa makosa: taya ikipinda kidogo tu, ncha yake husogea zaidi ya inavyosoma kalipa. Njia ya kuliona ni kupima bushi karibu na ufito wa kalipa, kisha kwenye ncha za taya, kisha kumpa mtu mwingine apime. Tofauti ikiwa 0.02 kwa jumla, iandike kama ±0.01, ambayo inakupa mikroni 5.8.

La tano ni joto, na hapa Goma imebahatika. Tangu 1931 vipimo vya urefu hurejelewa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na mji huu ulio kando ya ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, hewa yake haiko mbali na hizo 20. Tatizo ni chuma kilichotoka kwenye mashine. Chuma cha milimita 60 huongezeka mikroni 0.69 kwa kila nyuzi moja. Bushi iliyo moto kuliko kalipa kwa nyuzi 35 itasomeka ndefu kwa mikroni 24, kosa ambalo peke yake linaweza kubadilisha uamuzi. Hilo haliingizwi kwenye bajeti. Linaondolewa kwa kuacha bushi na kalipa zikae pamoja juu ya bamba la chuma hadi zilingane. Kinachobaki, tuseme nyuzi tano huku au huku, ni ±3.5, na ukigawanya unapata mikroni 2.0.

Sasa kujumlisha. Makosa haya hayategemeani, na ni nadra yote kuegemea upande mmoja kwa pamoja, kwa hiyo kila moja hupigwa mraba, miraba inajumlishwa, kisha unatafuta kipeuo cha pili:

```
√(6.7² + 17.3² + 2.9² + 5.8² + 2.0²) = 19.8
```

Ukizidisha kwa 2 unapata mpaka unaoshika urefu halisi kwa takribani asilimia 95. Ni karibu mikroni 40, yaani 0.04. Jibu kamili basi ni 60.08 ± 0.04, na urefu halisi unaweza kuwa popote kati ya 60.04 na 60.12. Mwisho wa mchoro ni 60.10. Kwa kipimo hiki bushi haiwezi kupitishwa kwa uhakika, na wala haiwezi kukataliwa.

Faida kubwa ya bajeti ni kwamba inaonyesha pa kuweka nguvu. Tazama miraba: 17.3 ikipigwa mraba ni karibu 300, na jumla yote ni 390. Zaidi ya robo tatu ya shaka imetoka kwenye kijikaratasi cha kalipa. Kupima mara kumi badala ya moja kungeishusha 0.04 kidogo mno. Kinachotakiwa ni kuijua kalipa hii hasa, badala ya kutegemea ahadi ya jumla ya aliyeitengeneza.

Njia bora ni cheti cha maabara au bloku za kupimia urefu. Karakana isiyo navyo ina njia nyingine: beringi mpya, halisi, namba 6206. Kipenyo chake cha nje ni milimita 62, na kwa daraja la kawaida kinaruhusiwa kupungua hadi mikroni 13, bila kuzidi. Kwa hiyo kipenyo halisi kiko kati ya 61.987 na 62.000, na katikati yake ni 61.9935. Mpaka huo unahusu kipenyo cha wastani, hivyo beringi izungushwe na kupimwa pande kumi. Kalipa yetu ilitoa wastani wa 62.01. Inaongeza takribani 0.016, na hicho ni kiasi cha kuondoa kwenye usomaji wa bushi.

Marekebisho hayo nayo yana shaka. Beringi inachangia ±6.5, sawa na 3.8 baada ya kugawanya, na wastani wa vipimo kumi unachangia 2.1. Kuna pia la tatu ambalo husahaulika kwa urahisi. Kosa la kalipa ya kidijitali halilingani kwenye ufito wote, kwani linapanda na kushuka kufuata vipande vya shaba vinavyojirudia chini ya mstari wake. Tulilolipima kwenye 62 huenda lisiwe lile lile kwenye 60. Nimelipa ±10, yaani 5.8. Yote matatu kwa pamoja ni 7.2, badala ya 17.3 ya mwanzo:

```
√(6.7² + 7.2² + 2.9² + 5.8² + 2.0²) = 11.9
```

Mara mbili yake ni mikroni 24, na kwa desturi ya kukadiria kuelekea juu tunaandika 0.03. Jibu jipya ni 60.06 ± 0.03, yaani kati ya 60.03 na 60.09. Bushi inapita.

Njia hii inategemea beringi isiyo bandia. Ukiwa na beringi mbili za 6206 za watengenezaji tofauti, zipime zote, na zikitofautiana kwa zaidi ya 0.02, usitumie hata moja kama rejea. Marekebisho ya 0.016 pia yasipelekwe kwenye kipimo cha milimita 20 au 120, kwa sababu hayakupimwa huko. Kuna kazi nyingine ambazo hata bajeti hii iliyoboreshwa inazikataa. Ekseli ya milimita 20 inayoingia kwa kubana ndani ya beringi, kwa mpaka wa k6, inatakiwa izidi kwa mikroni 2 hadi 15. Nafasi yote ni mikroni 13, ilhali kalipa yetu ina shaka ya 24 kila upande. Kazi hiyo inahitaji maikromita ya 0 hadi 25, nayo iandikiwe bajeti yake.