Mali Iliyoungua na Mali Iliyokuwa Daftarini

Nimeonyeshwa makadirio ya hasara ya duka lililoungua Kismayu, na waliokuwepo wakayasifu kwa sababu jedwali lilikuwa safi na jibu lilifika hadi senti. Mimi yaliniudhi. Kadirio la faida ghafi lenye senti limeandikwa na mtu asiyejua kwamba anakadiria. Masoko yetu yanaungua, Kariakoo 10 Julai 2021, Waaheen ya Hargeisa 1 Aprili 2022, na kwa wafanyabiashara wengi wasio na bima hesabu hii ndiyo inayoamua watakavyoelewana na wadai na wabia wao. Haifai ifanywe hovyo.

Tuchukue duka la jumla la mfano. Mali ya mwanzo wa mwaka ilikuwa dola 40,000. Manunuzi hadi siku ya moto ni 150,000, na mauzo ni 180,000. Daftari la mauzo limeungua, lakini malipo ya EVC Plus yanapatikana kwenye kampuni ya simu, wenye hawala wana rekodi zao, na muuzaji wa Dubai ana nakala za ankara. Mkadiriaji mzuri hujulikana hapa: kila namba anaionyesha imetoka kwa nani nje ya duka.

Mwenye duka atasema anapata faida ya 25%. Anasema kweli, ila anahesabu juu ya bei ya kununulia, na faida hiyo ni 20% ya mauzo. Asiyejua huitoa hiyo 25% kwenye mauzo na kupata mali ya mwisho ya 55,000. Kwa 20%, gharama ya vilivyouzwa ni 144,000, na kinachobaki ni 46,000.

Lakini hiyo 20% ni wastani wa miaka ambayo nusu ya mauzo ilikuwa sukari na mchele, vyenye faida ya 10%, na nusu nguo, zenye 30%. Mwaka huu vyakula vimeuzwa 120,000 na nguo 60,000. Ukivitenga, gharama inakuwa 108,000 na 42,000, jumla 150,000, na mali inashuka hadi 40,000. Asilimia isiyotengwa kwa aina ya bidhaa, na isiyotoka kwenye miaka mitatu kamili, mimi siipokei.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mwanafunzi hulipita kila mara. Kanuni hii inakupa mali iliyopaswa kuwa ya mwenye duka siku ile. Haikuambii mali hiyo ilikuwa wapi, na moto haukuunguza daftari la manunuzi, uliunguza chumba. Pwani yetu tofauti hiyo ni kubwa. Ankara ya Dubai huingia kwenye simu na kuandikwa kuwa manunuzi siku ileile, ilhali shehena iko baharini, au imeshushwa bandarini na bado haijatolewa. Tena kuna mzigo uliovuka kwenda kisiwani Chula kwa mali kauli: ungali wa mwenye duka hadi uuzwe, kwa hiyo haumo kwenye mauzo, na wala haukuungua. Katika mfano wetu, jahazi lina mzigo wa 8,000, Chula kuna wa 4,000, na uliookolewa ni wa 2,000. Kilichoungua ni 26,000, chini ya nusu ya zile 55,000 za kwanza.

Makarani wa zamani hawakuhitaji kuambiwa hili. Pembeni mwa kila ankara waliandika jina la jahazi, la nahodha na siku ya kushusha, na kwa mstari huo mmoja ungejua kila gunia lililala wapi. Siku hizi tuna picha za ankara kwenye simu, na mstari ule umetoweka.

Wadanganyifu wanaujua mwanya huo. Mbinu yao ya kawaida si kughushi ankara. Huleta ankara ya kweli ya sukari iliyokwishapelekwa mji mwingine, na kunyamaza juu ya mauzo yake. Namba zote zinakubaliana. Dawa yake niliifundishwa na mzee mmoja wa hesabu, ambaye hakuketi kabla hajapima ghala kwa hatua zake. Chumba cha mita 4 kwa 5, kikipangwa hadi kimo cha mita 2, kina nafasi ya mita za ujazo 40. Magunia ya kilo 50 ya sukari hayatazidi 700 humo, hata usipoacha njia ya kupita. Anayedai yameungua 1,500 amejibiwa na kuta.

Kwa hiyo, ukiletewa kadirio, usianze na jumla. Uliza mzigo wa ankara ya mwisho ulishushwa lini, na nani aliupokea. Kama mkadiriaji hana jibu, mrudishie karatasi yake.