Ugumu Unaotiwa Mara Moja

Dobi wa Unguja aliyezoea kofia za viua haogopi maji. Kofia ile ni kitambaa na uzi tu. Anaifua, anaisuuza, anaichovya kwenye wanga mwepesi, kisha anaivalisha kalibu, nayo inakauka ikiwa imesimama wima. Wanga ukitoka leo, kesho unarudishwa.

Kapelo haina rehema hiyo. Ugumu wake hutiwa kiwandani, mara moja. Nyuma ya vipande viwili vya mbele mara nyingi hukaa kitambaa cha nyuzi zilizoachana, kilichokazwa kwa wanga au gundi. Ndicho kinachosimamisha paji. Ndani ya mdomo kuna plastiki au, kwa kapelo nyingi za zamani, kadibodi. Maji ya moto hulainisha gundi, na paji likishaporomoka hakuna kalibu ya kulirudisha kama lilivyokuwa. Kwa hiyo anayejua kazi huanza kwa kuchunguza, ndoo bado tupu. Anaugonga mdomo kwa kucha na kuukunja kidogo sana. Plastiki hurudi upesi. Kadibodi hutoa mlio mzito, na kwenye kapelo iliyochakaa huenda tayari ina mikunjo isiyonyooka. Akiwa na shaka, anaihesabu kuwa kadibodi, na mdomo hautalowekwa.

Tuseme ni kapelo nyeusi ya pamba, ya mtumba, yenye mstari mweupe wa chumvi juu ya utepe wa jasho. Fundi analowesha kitambaa cheupe, anakibana kwenye pembe ya ndani isiyoonekana, na kuangalia kama rangi imehamia. Ikiwa haikuhama, anakoroga kijiko cha chai cha sabuni ya unga katika lita moja ya maji ya baridi. Mswaki mkuukuu wenye nywele laini unachovywa kwenye povu, na unaanza kwenye utepe, kwa kuwa chumvi na mafuta ya ngozi hukaa huko; mstari wa nje ni chumvi iliyopenya tu. Paji linapigwa mswaki kwa wepesi, mdomo unapanguswa kwa kitambaa. Kusuuza nako ni kwa kitambaa chenye maji safi, tena na tena, mpaka povu liishe. Ndipo taulo dogo linakunjwa na kujazwa ndani, kapelo inakaa juu ya bakuli lililofunikwa kifudifudi, kivulini, penye upepo. Kibanio cha nguo kwenye mdomo ni uharibifu: huacha alama, na uzito wa maji huvuta paji upande mmoja.

Sabuni ya unga imechaguliwa kwa sababu. Sehemu nyingi za pwani maji ya kisima yana chumvi na chokaa, na sabuni ya mche ikikutana na chokaa huganda kuwa utando wa kijivu. Kwenye kapelo nyeusi utando huo huonekana kuliko uchafu wenyewe.

Begi la mgongoni nalo lina kitu cha mara moja, ila limekificha. Ukiligeuza la poliesta ndani nje, utaona mng'ao: ni utando mwembamba wa kuzuia mvua. Joto na unyevu huula utando huo taratibu hata begi likiwa kabatini. Ukianza kunata vidoleni na kubanduka kama ngozi ya nyoka, hakuna kufua kutakakouponya. Mashine huleta tatizo jingine. Utando huzuia maji kutoka, basi wakati wa kukamua begi hugeuka mfuko wa maji unaoyumbisha pipa. Beseni ni salama zaidi, maji ya baridi, na mchanga wa pembeni ukung'utwe kwanza, hasa ule wa kwenye meno ya zipu.

Mikanda ndiyo inayodai subira. Sponji iliyomo hunywa jasho, kisha hunywa sabuni. Fundi haikamui kwa kuisokota, maana sponji huhama na kujikusanya upande mmoja. Anaibonyeza kati ya viganja, kisha ndani ya taulo. Kipimo chake ni rahisi: mkanda ukibonyezwa na povu likachungulia kwenye mishono, bado haujasuuzwa.

Begi la mazoezi lenye harufu huwavutia watu kwenye jiki. Klorini hudhoofisha nailoni na kula mipira ya kuvutika. Harufu huondoka na mkanda hukatika baadaye. Kilainisha nguo nacho huacha tabaka linalonasa jasho jipya. Dawa ya harufu ni kulikausha vizuri: zipu zote wazi, mifuko imegeuzwa nje, begi limepinduliwa juu ya mgongo wa kiti ili maji yatoke kwenye kitako. Liwe kivulini, kwa kuwa jua kali la siku nyingi huchosha nailoni ya mikanda. Sponji hukauka mwisho kabisa. Kitambaa kikiwa kikavu tangu asubuhi, mkanda bado unaweza kuwa baridi ukiushika, na begi hilo halijawa tayari kuvaliwa.