Lori Zima hadi Malindi

Kuna ujumbe ambao makarani wa malori mjini Mombasa wameuzoea: "Naomba bei ya trela, Kilindini hadi Malindi." Karani asiyeambiwa mengine hana budi kuotea, na akiotea hujikinga kwa kupandisha bei. Kumbe barua ya kuomba kwotesheni ina ufundi wake. Tuseme mwenye ghala la vigae Malindi ameandika hivi:

"Nataka lori zima, mzigo wangu peke yake. Kontena la futi 20, paleti 24 za vigae. Kila paleti kilo 1,080. Urefu mita 1.1, upana 0.95, kimo 0.9. Mzigo kilo 25,920. Pamoja na kontena, 28,170. Ghalani hakuna jukwaa la kushushia. Foklifti ya tani 2 ipo, lakini haiwezi kupanda kontenani. Jeki ya paleti ipo. Geti ni mita 4, uwanja ni wa mchanga, trela halina pa kugeukia. Bei ihesabu na kurudisha kontena tupu Mombasa. Saa ngapi za kungoja ni za bure?"

Vipimo hivyo vinampa karani picha nzima: paleti zimekaa mbilimbili, safu sita, na juu yake nyingine 12. Uzito nao unamwambia achague gari gani. Kichwa na trela tupu vikiwa tani 16 hivi, jumla ni kama tani 44, na sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 50 kwa gari la ekseli sita. Hata hivyo kontena likisukumwa mno nyuma ya trela, ekseli tatu za nyuma zaweza kupita tani 24 zao, na mizani ikalikamata gari ambalo jumla yake ni halali.

Lakini uhondo wa barua uko kwenye ushushaji. Wengi huandika "foklifti ipo" wakadhani wamemaliza. Foklifti iliyosimama chini hufikia paleti za mlangoni tu. Za ndani lazima zivutwe kwa jeki, na zile za juu jeki haizigusi. Hapo huitwa vibarua, paleti zifunguliwe, katoni zishushwe moja moja: 40 kwa kila paleti. Dereva na tanboi wake wako kivulini, saa zinahesabiwa. Ndiyo maana lile swali la kungoja lina thamani kuliko punguzo lolote analoweza kubembeleza baadaye.

Karani hodari naye atauliza: mchanga huo ukilowa masika? Mwenye ghala anayekijua kiwanja chake ataomba bei ya pili, trela lisimame kwenye lami na kanta za tani tatu zipeleke vigae ndani, safari tisa, vibarua wakilipwa kando.